Barua ya pili: namna uonevu wa hosteli unavyofika kwa mshauri wa wanafunzi

Barua ya kwanza ya mpwa wangu kwa mshauri wa wanafunzi ilikuwa na kurasa mbili na nusu. Ilianza na "kwa masikitiko makubwa", ikaishia na "naomba hatua kali zichukuliwe", na katikati neno "wananinyanyasa" lilijirudia mara tisa. Hapakuwa na tarehe hata moja. Aliipeleka mwenyewe, akapokelewa vizuri, akaambiwa akakae na wenzake wayamalize kama watu wazima. Jioni ile akarudi chumba kile kile, kwa watu wale wale, ambao sasa walishajua kwamba amewashtaki.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja, na siku mbili baada ya kuipeleka alikuwa na kitanda katika bloku nyingine. Kisa kilikuwa kile kile, ofisi ile ile. Enzi zangu za chuo nilikuwa mwakilishi wa bloku, na barua za aina ile ya kwanza nilizibeba nyingi kupeleka ofisini bila kuelewa kwa nini hazizai kitu. Nimekuja kuelewa baadaye, na ndiyo maana naandika.

Kwanza kisa chenyewe. Mpwa wangu aliingia mwaka wa kwanza akapangiwa chumba cha vitanda vinne, dabo deka mbili. Watatu aliowakuta walikuwa mwaka wa tatu. Wiki ya pili wakamleta rafiki yao aliyekosa nafasi hosteli, wakamwambia kijana, "Dogo, huyu utambeba wewe." Kubebana ni jambo la kawaida mno vyuoni kwetu: mwenye kitanda anamkaribisha asiye nacho, wanalala wawili kwenye godoro moja, na ofisi haina habari. Limezaliwa na uhaba wa vitanda. Hata Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako hosteli za Magufuli zilifunguliwa mwaka 2017 zikiwa na nafasi 3,840, bado wapo wanaokosa. Wengi hubebana kwa hiari na kwa upendo, na sina neno nao. Mpwa wangu hakuulizwa. Baada ya siku chache mgeni akawa ndiye mwenye godoro, na mwenye kitanda akawa analala chini kwenye mkeka. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, lilipotoka akaambiwa atoe elfu ishirini, "hela ya chumba", mwezi uliofuata tena. Zamu ya kuchota maji ikawa yake kila siku. Usiku mmoja wakamfungia nje hadi alfajiri kwa sababu alichelewa kurudi na ndoo. Kisha mmoja wao akampiga picha akiwa amelala mkekani, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la bloku na maneno ambayo sitayarudia.

Je, huo ni uonevu au ni ugomvi wa chumba? Ofisi hujiuliza swali hilo kabla ya mengine yote, na jibu ndilo linaloamua barua iende wapi. Wanafunzi wawili wanaogombana kuhusu redio, taa au zamu ya kudeki wana ugomvi, kwa sababu kila mmoja anaweza kumjibu mwenzake, na suluhu inawafaa. Uonevu una dalili tatu zinazokwenda pamoja. Unajirudia. Unamlenga mtu yule yule. Na kuna nguvu upande mmoja ambayo upande wa pili hauna, iwe ni umri, idadi, fedha au siri fulani anayoshikiwa. Barua ya kwanza haikuonyesha hata moja kati ya hizo tatu. Mtu akisoma "wananinyanyasa" bila kuambiwa mara ngapi na kina nani, anaona ugomvi wa vijana wanne. Ndiyo maana alipewa dawa ya ugomvi.

Mimi naamini, na nimelisema hili mbele ya wahusika, kwamba kumkalisha anayeonewa meza moja na wanaomwonea, wakapeana mikono kisha wakarudishwa chumba kimoja, ni kosa. Mwenye nguvu hutoka pale amejifunza kwamba adhabu yake ni kushikana mikono tu. Mwanafunzi ana haki ya kusema kwa adabu, "Naomba tusikutanishwe kwa sasa," na aliweke ombi hilo ndani ya barua.

Siri anayoshikiwa mtu ndiyo inayofunga midomo mingi kuliko woga wa ngumi. Mpwa wangu aliambiwa waziwazi: "Ukienda kusema, wewe ndiye uliyebeba. Jina lako ndilo liko kwenye rejista. Utafukuzwa hosteli wewe." Na kweli, kanuni za malazi karibu vyuo vyote zinakataza kulaza mtu asiyeandikishwa. Kwa hiyo katika barua ya kwanza hakumtaja kabisa mtu wa tano. Mshauri alipouliza, "Wewe si una kitanda chako, unalalaje chini?" kijana akababaika, na kuanzia hapo maneno yake yote yakapungua uzito. Wanaobebwa nao wana woga huo huo kwa upande wa pili: aliyembeba akimtukana, akimfulisha nguo, hata akimshika mwili, anaona hana pa kusemea kwa sababu hatakiwi kuwepo pale.

Njia pekee niliyoiona ikifanya kazi ni kulitaja kosa lako mwenyewe mapema, kwa sentensi moja, pale juu. Ukilisema wewe, linakuwa sehemu ya maelezo. Likisemwa na wao, linakuwa utetezi wao. Siwezi kuahidi kwamba hakuna ofisi itakayokuadhibu. Lakini aliyelazimishwa kubeba hafanani na aliyekodisha godoro, na tofauti hiyo haiwezi kuonekana kama umeificha.

Sasa ofisi yenyewe. Huyu anayeitwa mshauri wa wanafunzi (vyuo vingine humwita mlezi, na wanafunzi wengi husema tu "dean") hufanya kazi mbili zinazovutana. Ni mlezi: chini yake wapo wanasihi, malazi, mambo ya afya na ustawi. Pia ni mlango wa nidhamu: kwake ndiko shauri hukusanywa kabla ya kwenda kamati ya nidhamu, lakini kwa kawaida yeye peke yake hamfukuzi mtu chuo. Ukiingia ofisini ukalia na kusema "nisaidieni", hajui ni kazi ipi kati ya hizo mbili unayomwomba, na mara nyingi atachagua iliyo nyepesi.

Ombi la kuhamishwa chumba ni la kiutawala. Halihitaji kuthibitisha kosa la mtu yeyote. Linahitaji kitanda kilicho wazi na sababu inayoeleweka, na linaweza kumalizika ndani ya siku chache, hata siku hiyo hiyo hali ikiwa mbaya. Ombi la kumchukulia mtu hatua ni jambo jingine kabisa. Hapo mtuhumiwa lazima aelezwe kwa maandishi anashtakiwa nini, apewe nafasi ya kujibu, alete mashahidi wake, na akiadhibiwa awe na haki ya kukata rufaa. Huchukua wiki kadhaa, na likigonga mitihani au likizo, miezi. Wanafunzi wengi huyachanganya haya mawili, wakaambiwa "subirini uchunguzi", wakasubiri wakiwa wamelala chumba kile kile. Yatenganishe: omba kuhama leo, na omba uchunguzi uendelee kwa wakati wake.

Kutoka hapo utaona pia mpaka wa barua isiyo na jina. Masanduku ya maoni yapo, na barua ya namna hiyo inaweza kumfanya wadeni, yaani msimamizi wa hosteli, apite bloku usiku kuhesabu vichwa. Haiwezi kumfikisha mtu kamati ya nidhamu, kwa sababu mtuhumiwa atauliza ni nani anamshtaki, na ana haki ya kuuliza. Unachoweza kuomba ni kwamba jina lako lisifike bloku kabla hujahamishwa. Ombi hilo ni dogo na linatekelezeka. Mwambie mshauri kwa mdomo, kisha liandike.

Kuhusu ushahidi, mpwa wangu alidhani hana. Tulikaa naye Jumamosi nzima, tukanunua daftari dogo la kurasa thelathini na mbili, tukaanza kurudi nyuma. Siku ipi walikufungia nje? Hakumbuki. Ulikuwa na nini asubuhi yake? Jaribio la takwimu. Basi tukafungua ratiba, tukapata Jumatano. Nani alikuona nje? Mlinzi wa zamu, aliyemwazima koti. Hela ulizitoaje? Kwa simu. Tukafungua ujumbe wa muamala, ukiwa na namba yake ya kumbukumbu, kiasi, tarehe, saa na jina la aliyepokea. Miamala yote miwili ilikuwepo. Alikuwa ametembea na ushahidi huo mfukoni wiki sita.

Kwa upande wa WhatsApp, picha ya skrini peke yake ina udhaifu, kwa sababu anayetuhumiwa atasema imetengenezwa au imekatwa. Piga picha inayoonyesha jina la kundi, tarehe na ujumbe uliotangulia na uliofuata. Kisha bonyeza jina la aliyetuma lililo juu ya ujumbe huo uone namba yake, maana jina ulilolihifadhi wewe kwenye simu yako halithibitishi lolote. Halafu hifadhi mazungumzo yote: kwenye simu za Android ni nukta tatu za juu, `More`, kisha `Export chat`, ujitumie kwa barua pepe. Fanya hivyo kabla mtumaji hajakimbilia `Delete for everyone`. Usijibu matusi kwa matusi, kwa sababu nayo yatakuwemo ndani ya faili hilo hilo.

Picha iliyotumwa kundini ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mlimani zamani palikuwa na kundi lililojiita Mzee Punch, lililobandika ukutani michoro na maneno ya kumdhalilisha mwanafunzi huku mwandishi hajulikani. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa na kundi hilo. Ukuta ule haukuwa na jina la aliyebandika. Kundi la bloku lina namba za wote waliotuma, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa kihisia. Shauri la chuo halikuzuii kwenda polisi, wala polisi hawakuzuii kwenda chuo.

Ukiwa umepigwa, mpangilio hubadilika. Nenda kituo cha polisi, kama kuna kilichopo chuoni au kilicho karibu, upewe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ukatibiwe nayo, na nakala ya maelezo ya daktari uiambatishe kwenye barua. Ukiwa umeumia vibaya, matibabu kwanza, fomu itafuata. Ukiwa umeshikwa mwili kingono, usianze na janita wala kiongozi wa bloku. Vyuo vingi sasa vina dawati la jinsia, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Huko ndiko kwa kuanzia, na mshauri apelekewe taarifa baadaye.

Hii hapa barua ya pili. Majina na namba nimeziondoa, mengine ni kama alivyoandika:

> YAH: MALALAMIKO YA UONEVU CHUMBANI NA OMBI LA KUHAMISHWA
>
> Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nimepangiwa kitanda cha chini, chumba tajwa. Tangu wiki ya pili ya muhula analala humo mtu wa tano asiyeandikishwa. Nililazimishwa kumpokea na sikutoa taarifa kwa sababu nilitishwa. Nakiri kwamba nilipaswa kutoa taarifa.
>
> Matukio ni haya. Tangu wiki ya tatu nalala sakafuni. Nimetozwa shilingi 20,000 mara mbili. Ujumbe wa miamala umeambatishwa. Usiku wa kuamkia Jumatano nilifungiwa nje tangu saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri; mlinzi wa zamu aliniona. Jumapili picha yangu nikiwa nimelala ilitumwa kwenye kundi la bloku lenye watu zaidi ya mia; nakala imeambatishwa.
>
> Naomba mambo mawili. Kwanza, nihamishwe chumba ndani ya wiki hii, bila kukutanishwa na wahusika. Pili, malalamiko haya yachunguzwe kwa mujibu wa kanuni za wanafunzi.

Basi. Hakuna "kwa masikitiko makubwa". Hakuna "wana roho mbaya". Kila sentensi inaweza kuulizwa swali na ikajibiwa. Tarehe kamili zilikuwemo, nimezitoa hapa tu. Aliposoma rasimu alilalamika kwamba haionyeshi jinsi alivyoumia. Nikamwambia aumie kwa mnasihi, ambako maumivu hayo yatasikilizwa kwa saa nzima na mtu aliyesomea kazi hiyo, na alikwenda. Barua hii ilikuwa ya mtu mwenye mafaili arobaini mezani.

Kuna jambo la mstari wa "kupitia". Tumezoeshwa kwamba barua rasmi hupitia ngazi, kwa hiyo wengi huandika "kupitia kwa wadeni" au hupitisha kwa serikali ya wanafunzi, kwa waziri wa malazi. Wadeni mzuri ni msaada mkubwa, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kitanda kipi kiko wazi. Lakini barua inayopita mikono mitatu husomwa na macho matatu, na katika bloku habari hutembea haraka kuliko barua. Janita anayefahamu kila mgeni anayelala bila kuandikishwa, na hajasema, naye ana sababu ya kutotaka shauri hili lifike juu. Kanuni nilizowahi kuzisoma hazikumzuia mwanafunzi kumwendea mshauri moja kwa moja. Mpwa wangu aliandika jina la mshauri tu, na nakala kwake mwenyewe.

Nakala hiyo ndiyo nusu ya kazi. Chapisha barua mbili. Zipeleke masjala au kwa katibu muhtasi wa ofisi, moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua ya kwanza aliiacha mezani mwa mtu akaondoka, na tulipoiulizia baadaye hakuna aliyeiona. Wasipokuwa na muhuri, aliyepokea aandike jina, tarehe na saini pembeni. Usione haya kuomba, ni utaratibu wa kila ofisi ya umma. Wiki mbili zikipita kimya, andika barua fupi ya kukumbushia inayotaja tarehe ya muhuri ule. Ikikaa kimya nayo, zipeleke zote mbili kwa naibu makamu mkuu wa chuo anayesimamia utawala. Kwa chuo cha umma, juu ya hapo kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma zinazoshindwa kutenda.

Kwa anayeishi hosteli ya mtaani njia ni nyembamba zaidi. Chuo kinaweza kumwita mwanafunzi mwenzako kwa mwenendo wake, ila hakiwezi kukugawia chumba kwenye nyumba ya mtu. Hapo utamhitaji mwenye hosteli, na akikataa, ofisi ya serikali ya mtaa.

Turudi kwa kijana. Alihamishwa siku ya pili, mchana, wakati wenzake wako madarasani. Wadeni wa bloku mpya alisimama naye alipokuwa akifungasha, jambo ambalo hatukuliomba na ninamshukuru mno kwalo. Godoro lake alilikuta limepasuka pembeni. Wiki tatu baadaye aliitwa kutoa maelezo. Wale watatu walikuja wakiwa na hadithi moja: kwamba alimkaribisha mgeni mwenyewe, na hela zilikuwa za chakula cha pamoja. Akaulizwa, kama ni chakula, mbona mpokeaji ni mmoja na tarehe ya kwanza ni siku ya bumu? Hawakuwa na jibu. Mlinzi alikuja, akasema kuhusu koti. Mwanafunzi wa chumba cha jirani, aliyeahidi kushuhudia, hakutokea. Nasikia aliogopa kuitwa mnoko. Simlaumu sana, ila nimeona nilitaje kwa sababu hutokea karibu kila mara, na shauri linalotegemea shahidi mmoja tu wa bloku hufa siku hiyo. Hili lilisimama kwa ujumbe wa simu na mlinzi.

Aliyepokea hela na kutuma picha alitolewa hosteli. Wawili walipewa onyo la maandishi linalokaa kwenye mafaili yao. Mgeni alipewa siku saba atafute pa kukaa, na nilipomuuliza mpwa wangu anajisikiaje kuhusu huyo, alinyamaza kidogo. Akasema, "Anko, yule naye alikuwa hana pa kulala." Yeye mwenyewe kwa kosa la kutotoa taarifa aliambiwa kwa mdomo lisijirudie. Zile elfu arobaini zilirudishwa kwa awamu mbili, kwa simu, na ujumbe wake ameubandika kwenye daftari lile dogo, ukurasa wa mwisho.